Oda, Mapokezi na Ankara: Karatasi Tatu Kabla ya Kulipa

Lori la saruji limeingia geti la shule saa kumi na moja jioni, na wingu zito limeshaufunika mlima. Dereva ana haraka ya kurudi mjini kabla barabara haijawa tope. Vibarua wanashusha mifuko mbio mbio, na mtunza stoo amesimama mlangoni na kalamu yake.

"Kaka, wewe saini tu hapo chini," dereva anamwambia huku akimnyooshea karatasi. "Mifuko ni mia na hamsini, imeshahesabiwa kule dukani. Mvua hii haitusubiri."

Akisaini bila kuhesabu, hakuna mhasibu wala mkaguzi atakayeweza kujua baadaye ni mifuko mingapi iliyoingia stoo siku ile. Nimekaa upande wa malipo kwa miaka mingi, na kila ankara iliyonisumbua, nilipoifuatilia mpaka chanzo chake, mara nyingi ilinirudisha kwenye dakika kama hii. Kwa hiyo, ingawa habari ninayotaka kuieleza ni ya malipo, mzizi wake uko getini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ununuzi, daftari moja halitoshi. Zinatakiwa karatasi tatu, na kabla fedha haijatoka zinawekwa mezani pamoja na kusomwa mstari kwa mstari. Wahasibu huita kazi hiyo kuoanisha hati tatu.

Karatasi tatu, mikono mitatu

Ya kwanza ni hati ya oda, ambayo katika ofisi nyingi za Tanzania na Kenya inajulikana kwa jina la LPO. Hiyo huandikwa na mnunuzi kabla mzigo haujaja. Inataja kitu gani kinatakiwa, cha aina gani, kiasi gani, kwa bei gani, na nani atabeba gharama ya usafiri. Ni ahadi ya mnunuzi: nikiletewa hivi, nitalipa hivi.

Ya pili ni hati ya mapokezi, inayojulikana kama GRN. Huandikwa na mtunza stoo wa mnunuzi baada ya kuhesabu na kukagua. Isichanganywe na karatasi anayokuja nayo dereva, ile ya kufikishia mzigo. Ya dereva imeandikwa na muuzaji na inasema kilichopakiwa. Ya mtunza stoo inasema kilichopokelewa. Kati ya kupakia na kupokea kuna barabara, kuna mvua, na kuna vituo ambako lori husimama.

Ya tatu ni ankara, yaani dai la muuzaji: nimekuletea hivi, nilipe hivi.

Nguvu ya utaratibu huu wote inatokana na jambo moja, kwamba kila karatasi imeandikwa na mkono tofauti, kwa wakati tofauti, na mtu ambaye hakuwa ameshika kalamu ya mwenzake. Ofisi ya manunuzi inajua bei lakini haikuwapo mzigo ulipofika. Stoo inajua hesabu lakini haikupatana bei. Muuzaji anajua anachodai, lakini hawezi kujishuhudia mwenyewe. Hati tatu zikikubaliana, wanaolipa wana mashahidi watatu. Mtu mmoja akiziandika zote, shahidi ni mmoja aliyerudia maneno yake mara tatu.

Bweni moja, ankara moja

Tuchukue mfano. Shule ya bweni ya binafsi, Tanzania Bara, inajenga bweni la wasichana. Imetoa oda yenye mistari mitatu: saruji mifuko 400 ya kilo 50, kwa shilingi 15,000 kila mfuko, nondo za milimita 12, vipande 150 vyenye urefu wa mita 12, kwa shilingi 22,000 kila kimoja, na mabati ya geji 28, vipande 120, kwa shilingi 36,000. Bei hizo ni kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, na oda inasema wazi kwamba usafiri ni juu ya muuzaji. Jumla ni shilingi 13,620,000, na ikiongezwa VAT ya asilimia 18 inakuwa shilingi 16,071,600.

Mzigo unakuja kwa safari mbili. Safari ya kwanza inaleta nondo zote, mabati yote na saruji mifuko 250. Ya pili ndiyo ile ya jioni ya mvua. Mtunza stoo wetu hakukubali kusaini mbio mbio. Alihesabu mifuko 150, lakini 12 kati yake ilikuwa imelowana kwenye kona ya lori ambako turubai lilichanika, na saruji ndani yake ilishaanza kuganda. Akairudisha, akaandika idadi hiyo kwenye karatasi ya dereva, na dereva akaweka sahihi yake hapo. Hati ya mapokezi ikasema: imepokelewa mifuko 138. Kwa safari zote mbili, saruji iliyopokelewa ni mifuko 388.

Wiki moja baadaye inakuja ankara. Saruji mifuko 400 kwa shilingi 15,500. Nondo tani 1.6 kwa shilingi 2,062,500 kila tani. Mabati 120 kwa shilingi 36,000. Usafiri shilingi 300,000. Jumla kabla ya kodi ni shilingi 14,120,000, na pamoja na VAT ni shilingi 16,661,600.

Mhasibu asiye na hati nyingine mezani hawezi kuona kosa lolote hapa. Hesabu za ankara zenyewe ni sahihi, vitu vyote viliagizwa kweli, na jumla haiko mbali na ile ya oda. Akizilaza hati tatu pamoja, tofauti nne zinajitokeza.

Ya kwanza ni idadi. Ankara inadai mifuko 400, stoo ilipokea 388. Ya pili ni bei, kwa kuwa oda ilisema 15,000 na ankara inasema 15,500. Ya tatu ni mstari wa usafiri, ambao haukuwamo kwenye oda. Ya nne ni nondo, zilizoagizwa kwa vipande na kudaiwa kwa tani.

Hii ya nne inataka utulivu, kwa sababu inatisha bila kuwa na madhara. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa kila mita. Kipande cha mita 12 kinakuwa kilo 10.66 hivi, na vipande 150 vinafika kilo 1,598, yaani tani 1.6. Ukizidisha kwa bei ya tani unapata shilingi 3,300,000, sawasawa na vipande 150 kwa 22,000. Hapa fedha ni ileile, na kilichotofautiana ni kipimo. Tofauti za vipimo ni nyingi sana: katoni na kopo, dumu na lita, rimu na pakiti. Dawa yake ni kuandika kipimo kimoja kwenye oda na kumtaka muuzaji akifuate. Hata hivyo hesabu ile ya uzito ina faida nyingine. Ukipima nondo kumi kwenye mzani na zikatoa kilo 90 badala ya karibu 107, umeletewa nondo nyembamba kuliko ulizolipia, au fupi, ijapokuwa vipande vinatimia 150.

Tofauti tatu zilizobaki ni za fedha. Bei imezidi shilingi 500 kwa mifuko 400, ambayo ni 200,000. Mifuko 12 ambayo haikupokelewa, kwa bei ya oda, ni 180,000. Usafiri ni 300,000. Jumla ni 680,000, na VAT yake 122,400 inaifanya ziada yote iwe shilingi 802,400. Kinachostahili kulipwa ni shilingi 15,859,200.

Nani aulizwe

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mhasibu kuyamaliza mambo haya peke yake. Anakata 802,400 kwa kalamu nyekundu, analipa kilichobaki, na anajiona ameokoa fedha. Kumbe kila tofauti ina mwenyewe.

Idadi inarudi stoo. Labda mifuko 12 mizima ililetwa siku ya tatu na hati yake ya mapokezi bado iko kwenye droo. Kabla ya kumwita muuzaji mwongo, hakikisha karatasi zako mwenyewe zimefika. Bei inarudi kwa aliyefanya manunuzi. Huenda bei ya kiwandani ilipanda na muuzaji akapiga simu, na mtu akamjibu "sawa" bila kuandika popote. Kama kweli yalikuwapo makubaliano, oda irekebishwe na yule mwenye mamlaka ya kuidhinisha, na marekebisho yabebe tarehe ya siku yalipofanyika. Kama hayakuwapo, bei ya oda ndiyo bei. Usafiri nao unarudi kwa aliyeidhinisha oda, maana kukubali gharama mpya ni uamuzi wa ununuzi na si wa malipo.

Kuna tofauti moja ya bei inayodanganya macho. Oda ikiandika 17,700 na ankara ikaandika 15,000, usishangilie punguzo. Shilingi 17,700 ni 15,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Mmoja kaandika bei yenye kodi ndani yake, mwingine kaiweka kodi chini. Kenya, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 16, bei hiyohiyo ingesomeka 17,400. Oda iseme wazi bei zake ni kabla ya kodi au pamoja na kodi, na ubishi wa aina hii hautazuka.

Yote yakishajulikana, ankara haichorwi kwa kalamu. Muuzaji anaombwa atoe hati ya kupunguza deni, ambayo wengi huiita krediti noti, ya shilingi 802,400, au aifute ankara kwa taratibu za kodi na kutoa nyingine. Ukilipa pungufu bila hati hiyo, kwenye leja yake shule inabaki inadaiwa 802,400, na mwakani, wakati mhasibu ameshahama, taarifa ya deni itakuja na hakuna atakayekumbuka zile mifuko 12 zilizolowana. Kodi nayo imeshatajwa kimakosa kwenye kumbukumbu. Tanzania mauzo huingia kwenye mashine za EFD, na Kenya ankara hupita kwenye mfumo wa eTIMS, kwa hiyo kusahihisha karatasi ya mteja peke yake hakugusi kilichorekodiwa kule.

Mzigo wa vipande, ankara ya pili

Turudi kwenye zile safari mbili. Muuzaji wengi hutoa ankara kwa kila safari, na hilo ni halali. Hatari inakuja pale karani wake anapotoa ankara ya mifuko 250 baada ya safari ya kwanza, kisha mwenzake anatoa ankara ya mifuko yote 400 baada ya ya pili. Kila moja ukiilinganisha na oda peke yake, inaonekana kuwa na haki. Oda si ilisema 400?

Kinga yake ni kuiweka oda hai. Kila mstari wa oda uwe na nafasi tatu zinazojazwa kila tukio linapotokea: iliyoagizwa, iliyopokelewa, iliyokwisha kudaiwa. Ankara mpya hailinganishwi na 400. Inalinganishwa na kile kilichopokelewa na ambacho bado hakijadaiwa. Kama mifuko 250 imeshadaiwa na iliyopokelewa ni 388, ankara ya pili haiwezi kuzidi mifuko 138. Mifumo ya kompyuta ya uhasibu hufanya hivyo yenyewe ikiwa ankara imefungwa kwenye namba ya oda. Kwenye daftari la mkono, mistari mitatu ya kalamu inatosha.

Ankara ileile kuingia mara mbili nako hutokea, na mara nyingi bila nia mbaya. Nakala inakuja kwa barua pepe, halafu ya karatasi inaletwa kwa mkono. Karani mmoja anaandika namba 0457, mwingine anaandika 457, na kompyuta inaziona kuwa ankara mbili. Wakati mwingine kinacholipwa kwanza ni profoma, yaani makadirio ya bei, kisha ankara halisi inalipwa tena. Ndiyo sababu ofisi makini haipitishi malipo kwa nakala wala kwa profoma, na hutazama pia kama muuzaji huyohuyo ana dai jingine la kiasi hichohicho.

Ipo na ishara ambayo mkaguzi huitafuta kabla ya zote: tarehe. Oda yenye tarehe 20 kwa ankara ya tarehe 12 haikuagiza chochote. Imeandikwa kwa kuitazama ankara, na kwa vyovyote itakubaliana nayo. Hapo hati zinaoana kikamilifu na hazithibitishi lolote.

Tofauti ndogo ya kuvumilia

Si kila shilingi inafaa kusimamisha malipo. Ankara ikizidi oda kwa shilingi 150 kwa sababu ya kukadiria senti, simu mbili za kuuliza zinagharimu zaidi ya hapo. Kwa hiyo taasisi hujiwekea kiwango cha kuvumilia, na tofauti iliyo chini yake hupita.

Kiwango hicho kikiwekwa kwa asilimia peke yake kinaweza kuwa mlango. Asilimia moja inaonekana ndogo, lakini kwenye oda yetu ya shilingi 16,071,600 ni zaidi ya 160,000. Ni bora kuweka vyote viwili, tuseme asilimia moja au shilingi 20,000, na kufuata kilicho kidogo. Tena kivumilie bei tu. Mfuko ambao haukupokelewa haukupokelewa, hata kama ni mmoja. Baada ya miezi mitatu, mhasibu atazame tofauti zote zilizopita chini ya kiwango. Makosa ya kweli huyumba, mara juu mara chini. Muuzaji ambaye ankara zake huzidi kila mara, na kila mara kwa kiasi kinachokaribia kiwango bila kukivuka, ameshajua kiwango chenu ni kipi.

Mahali utaratibu unapofika mwisho

Kwenye mfano wetu, mabati hayakuleta tofauti yoyote. Oda ilisema 120 ya geji 28, ankara ikasema 120 ya geji 28, na hati ya mapokezi ikasema "mabati 120". Mstari huo ulipita.

Fundi alipopanda juu kuezeka ndipo alipoona bati linabonyea chini ya goti lake. Lilikuwa geji 30, na kwa mabati, namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Mtunza stoo hakudanganya: yalikuwa mabati, na yalikuwa 120. Ila hakuandika aina, na mhasibu aliyekuwa na karatasi tatu mezani hakuwa na njia ya kuliona lile ambalo halikuandikwa. Kuoanisha hati kunalinganisha maneno na tarakimu. Ubora wa kitu unaingia humo ikiwa tu aliyepokea amekigusa, amekipima, na ameandika alichokiona.

Sheria za ununuzi wa umma zimelitambua hilo. Kenya na Tanzania zote zinataka bidhaa za serikali zipokelewe na kamati ya ukaguzi na mapokezi, na nchini Kenya sheria ya mwaka 2015 inataka iwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Shule ya binafsi au duka la jumla halina kamati, lakini linaweza kumwita fundi mjenzi asimame kando ya mtunza stoo kwa nusu saa.

Lipo pia jambo dogo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Mtunza stoo hupewa nakala ya oda ili ajue kinachokuja. Nakala hiyo ikiwa na idadi, siku ya uchovu ataandika idadi ile bila kuhesabu, au atanakili karatasi ya dereva, na shahidi wa pili atakuwa amekufa hapo hapo. Mpe nakala yenye majina na maelezo ya vitu, saruji kilo 50, nondo milimita 12, mabati geji 28, huku nafasi ya idadi ikiwa tupu. Asipojua namba inayotarajiwa, hana cha kunakili. Itambidi ahesabu. Na maneno "geji 28" yakiwa yamechapwa mbele yake na kisanduku cha kuweka alama pembeni, itambidi aulize hiyo geji inapimwaje.

Kazi kama ulinzi, usafi au ukarabati hazina stoo wala mfuko wa kuhesabu. Huko nafasi ya hati ya mapokezi inachukuliwa na cheti cha kazi iliyofanyika, na anayepaswa kukisaini ni yule aliyehudumiwa: mlezi wa bweni aliyeona walinzi wangapi walikuja usiku, na si ofisa aliyesaini mkataba wao.

Mabati yale yalirudi kwa muuzaji kwa sababu yalikuwa bado hayajapigwa misumari yote, na ankara yake ilikuwa bado haijalipwa, ikisubiri ubishi wa mifuko 12 ya saruji. Fedha ikishatoka, mnunuzi anabaki kuomba. Ikiwa bado iko benki, muuzaji ndiye anayetuma lori jingine. Na safari hii, lori likifika getini, mtunza stoo atakuwa na karatasi yenye nafasi tupu, fundi pembeni yake, na kifaa kidogo cha kupimia unene wa bati mfukoni.